Jumla ya alama haiendani na mgao: kutafuta kosa kwenye jedwali la matokeo

Mwanafunzi anakuja na karatasi zake zote mkononi. Amepiga hesabu mwenyewe, jumla yake haifanani na iliyobandikwa ubaoni, na anataka aelezwe. Mara nyingi anayebishana naye hana jibu, kwa sababu jedwali linaonekana sawa: hakuna mtu aliyepita 100, hakuna kisanduku chenye kosa, wastani wa darasa ni wa kawaida. Makosa mengi ya kuunganisha alama hujificha hivyo, ndani ya namba zinazoaminika. Kwa hiyo nitaanza na namna ya kulilazimisha jedwali lijionyeshe, kisha niende dalili kwa dalili.

Tuchukue kozi ya chuo iliyogawanywa 40 kwa 60, mgao unaotumika katika vyuo vingi Tanzania: tathmini endelevu 40, mtihani wa mwisho 60. (Wenye mgao wa 30 kwa 70, kama ilivyo katika vyuo vingi vya Kenya, wabadilishe namba tu.) Jaribio la kwanza limesahihishwa kwa alama 20 na mgao wake ni 15. Jaribio la pili ni la alama 50, mgao 15. Kazi ya kikundi ni ya alama 30, mgao 10. Mtihani ni wa alama 100, mgao 60. Kwenye Excel au Google Sheets, mstari wa 1 una majina ya vipengele, mstari wa 2 una alama kamili za kila kipengele (20, 50, 30, 100), mstari wa 3 una mgao (15, 15, 10, 60), na wanafunzi wanaanza mstari wa 4. Majina yako safu A, alama ziko safu B hadi E, jumla iko F. Fomula ya F4 ni hii:

```
=B4/B$2*B$3+C4/C$2*C$3+D4/D$2*D$3+E4/E$2*E$3
```

Kila kipengele kinagawanywa kwa alama zake kamili, kisha kinazidishwa kwa mgao wake. Aliyepata 14 kati ya 20 anabeba 14/20 × 15, yaani 10.5. Mgawo huu hufanyika kwa kila kipengele peke yake kabla ya kujumlisha chochote, na makosa mengi ya fomula hutokea pale mpangilio huo unapovurugwa.

Mistari minne ya ukaguzi

Watu wengi hukagua jedwali kwa kumweka mwanafunzi wa kubuni aliyepata alama zote. Akitoka na 100 wanaridhika. Ukaguzi huo hautoshi hata kidogo, kwa sababu karibu kila njia mbovu ya kuunganisha alama humpa 100 mtu aliyepata zote, na 0 aliyekosa zote. Ubovu uko katikati, na katikati ndiko walipo wanafunzi wako.

Badala yake, chini ya mwanafunzi wa mwisho ongeza mistari minne. Wa kwanza una 20, 0, 0, 0. Wa pili 0, 50, 0, 0. Wa tatu 0, 0, 30, 0. Wa nne 0, 0, 0, 100. Buruta fomula ya jumla kutoka kwa wanafunzi hadi kwenye mistari hiyo. Majibu lazima yawe 15, 15, 10 na 60, bila kupungua wala kuzidi. Iweke chini na si juu, kwa sababu ikiwa chini inapima pia kama fomula imeburutwa salama. Ukishamaliza ifute, isije ikaingia kwenye wastani wa darasa.

Majibu yakiwa tofauti, kosa liko kwenye fomula au kwenye mistari ya 2 na 3. Yakiwa sawa lakini matokeo bado yana mashaka, usiiguse fomula. Mara nyingi kosa liko kwenye alama zilizoingizwa, au kwenye alama kamili za mstari wa 2 zisizolingana na zilizotumika kusahihisha.

Mistari ya ukaguzi inatoa 10, 25, 15 na 50

Hapa mtu amejumlisha alama ghafi, akagawanya kwa 200, akazidisha kwa 100. Ni kosa la kawaida kuliko yote, nalo ni gumu kuliona kwa sababu matokeo yake yanafanana na matokeo ya kweli. Ukijumlisha alama ghafi, mgao wa kila kipengele unaamuliwa na ukubwa wa karatasi yake, hata kama kitabu cha kozi kinasema vingine. Jaribio la pili lina alama 50 kati ya 200, kwa hiyo linachukua robo ya kozi nzima badala ya 15. Mtihani uliotakiwa kuwa 60 unashuka hadi 50. Mwalimu akiamua jaribio lijalo liwe la alama 80, amebadilisha uzito wa kozi bila kikao chochote kukaa.

Angalia linavyowafanyia watu wawili. Namba 07 amepata 8, 44, 28 na 48. Namba 12 amepata 18, 26, 18 na 66. Jumla ghafi ya kila mmoja ni 128, kwa hiyo njia hii inawapa wote wawili 64. Sasa wapigie hesabu kwa mgao. Namba 07: 6 + 13.2 + 9.33 + 28.8, anapata 57.3. Namba 12: 13.5 + 7.8 + 6 + 39.6, anapata 66.9. Watu waliotofautiana kwa zaidi ya alama 9 wamepewa gredi moja. Namba 12 ndiye aliyefanya vizuri pale kozi ilipoweka uzito, kwenye mtihani, naye ndiye aliyedhulumiwa.

Dawa ni kurudi kwenye fomula ya juu. Usijaribu kurekebisha matokeo ya mwisho kwa kuzidisha safu nzima kwa namba fulani. Ukishachanganya alama ghafi, huwezi tena kujua kila mtu alichukua ngapi wapi.

Mistari yote minne inatoa 25

Kila kipengele kimegeuzwa asilimia vizuri, kisha mtu akatumia `AVERAGE`. Vipengele vinne vimegawana kozi sawasawa, na kazi ya kikundi imekuwa na uzito uleule wa mtihani. Kwa njia hii namba 07 anapata 67.3 na namba 12 anapata 67.0, yaani nafasi zao zimepinduka. Kugeuza kuwa asilimia ni nusu tu ya kazi. Mgao bado haujaingia.

Mstari mmoja unatoa 0.15 badala ya 15

Kwenye mstari wa 3 kuna kisanduku kilichoandikwa `15%` huku vingine vikiwa na namba tupu. Kwa Excel, `15%` ni 0.15. Darasa zima linapoteza karibu kipengele kizima, na dalili yake ni kwamba hata mwanafunzi bora hawezi kuvuka 85 na kidogo. Namba 12, kisanduku C3 kikiwa hivyo, anashuka kutoka 66.9 hadi 59.2. Chagua mtindo mmoja kwa mstari wote. Mimi nashauri namba tupu, kwa sababu ukizijumlisha unaona 100 papo hapo.

Mwanafunzi wa kwanza yuko sahihi, kuanzia wa pili mambo yanaharibika

Alama za dola zimesahaulika. Fomula `=B4/B2*B3` inapoburutwa mstari mmoja chini inakuwa `=B5/B3*B4`: mwanafunzi wa pili anagawanywa kwa mgao, kisha anazidishwa kwa alama za mwenzake wa juu. Ubaya wake ni kwamba jibu linaweza kuwa la kuaminika. Kama wa kwanza alipata 8 na wa pili 18, wa pili anapewa 18/15 × 8, yaani 9.6 badala ya 13.5. Hakuna atakayeshtuka. Kwenye mistari ya ukaguzi, wa tatu na wa nne itaandika `#DIV/0!`, kwa sababu inagawanya kwa sifuri za mistari iliyo juu yake. Weka dola kabla ya 2 na 3, kama `B$2`, kisha uburute upya kuanzia F4.

Ukaguzi umepita, lakini kipengele kimoja kinawaangusha au kuwapandisha wote

Sasa tumetoka kwenye fomula na kuingia kwenye alama zenyewe. Swali la kujiuliza ni moja: je, namba iliyo mstari wa 2 ndiyo iliyotumika kweli kusahihisha?

Inatokea msaidizi anasahihisha jaribio la pili, na kwa nia njema anakuletea alama alizokwisha kuzigeuza kuwa kati ya 15. Wewe unaziingiza chini ya 50, na fomula inazigeuza mara ya pili. Aliyepata zote anaonekana ana 15 kati ya 50, na mchango wake unakuwa 4.5. Kosa hili linakamatwa kwa kutazama alama ya juu kabisa ya kila safu:

```
=MAX(C4:C60)
```

Ikiwa alama ya juu kabisa ya jaribio la alama 50 ni 14 au 15, na mgao wake ni 15, karibu hakika zimekwisha kugeuzwa. Unaweza kuandika 15 kwenye C2 na mambo yakakaa sawa, lakini ni afadhali kuomba alama ghafi, kwa sababu aliyezigeuza huenda alizikadiria pia: 31 kati ya 50 ni 9.3, na kwenye orodha yake utakuta ameandika 9.

Upande wa pili ni `MAX` kuzidi namba ya mstari wa 2. Safu ya jaribio la alama 20 ikiwa na 23, ama mtu kakosea kuchapa, ama jaribio lilikuwa la alama 25. Hapa usimsahihishe yule mmoja mwenye 23 ukaishia hapo. Kama jaribio lilikuwa la 25, darasa zima limependelewa: aliyepata 19 alistahili 11.4 na amepewa 14.25. Chukua karatasi ya maswali, jumlisha alama za kila swali kwa mkono, na umalize ubishi. Na `MAX` ikikuonyesha namba ya zaidi ya 40,000, mtu ameandika `8/20` ndani ya kisanduku na Excel imeigeuza tarehe.

Kuna hali moja ambayo `MAX` haiwezi kuikamata. Swali la alama 6 limefutwa kwa sababu lilikuwa na makosa, likaachwa bila kusahihishwa, na jaribio likabaki la alama 44 huku C2 ikiendelea kusema 50. Aliyepata 33 ana asilimia 75 na anastahili 11.25, lakini anapewa 9.9. Kila mwanafunzi anapoteza, na anapoteza zaidi aliyefanya vizuri zaidi. Hili linajulikana tu kwa kuuliza waliosahihisha, kwa hiyo waulize kabla hujaingiza alama.

Anachukuliwa "bora kati ya majaribio mawili" na mtu analalamika

Kozi nyingine husema jaribio lililo bora ndilo litakalohesabiwa. Mtu anaandika `=MAX(B4,C4)` na inachagua 30 ya jaribio la 50 badala ya 16 ya jaribio la 20. Lakini 16 kati ya 20 ni asilimia 80, na 30 kati ya 50 ni 60. Linganisha baada ya kugawanya: `=MAX(B4/B$2,C4/C$2)`.

Mwanafunzi ana jumla ya chini ajabu, na kisanduku kimoja ni kitupu

Fomula yetu inakihesabu kisanduku kitupu kuwa sifuri, kimyakimya. Kumbe kisanduku kitupu kinaweza kuwa na maana tatu: hakufanya jaribio na hana sababu, alikuwa na ruhusa, au karatasi yake haijasahihishwa. Jedwali halina haki ya kumwamulia. Tumia fomula inayokataa kutoa jumla hadi vipengele vyote vinne viwe na namba:

```
=IF(COUNT(B4:E4)<4,"HAIJAKAMILIKA",
SUMPRODUCT(B4:E4/B$2:E$2*B$3:E$3))
```

Hii inawanasa pia walioandikiwa `ABS`, na alama zilizochapwa kama maandishi, kwa mfano 2O yenye herufi O. Anayestahili sifuri aandikiwe 0, na aliyeandika ajue anachoandika.

Aliyekuwa na ruhusa ndiye mwenye utata. Tuseme namba 12 alikuwa amelazwa siku ya jaribio la kwanza. Vipengele vilivyobaki vinampa 7.8 + 6 + 39.6, jumla 53.4. Ukimwacha hivyo, umemhesabia sifuri kwa kuugua. Ukitawanya zile 15 kwenye vipengele vyote vilivyobaki, unagawanya 53.4 kwa 85, unazidisha kwa 100, na anapata 62.8. Ukizitawanya ndani ya tathmini endelevu peke yake, 13.8 alizopata kati ya 25 zinakuwa 22.1 kati ya 40, na pamoja na mtihani anapata 61.7. Majibu matatu, yote yana hesabu sahihi. Lipi litumike ni uamuzi wa kanuni za chuo au wa kikao cha idara, na njia iliyo salama zaidi ni kumpa jaribio la marudio ili kisanduku kijazwe kwa haki. Ninalosisitiza ni kwamba asiyekuwa na mamlaka hayo asichague kwa fomula. Nimeona majedwali ambamo mgao umetawanywa kwa mwanafunzi mmoja na mwenzake mwenye cheti kilekile cha hospitali akaachiwa sifuri, kwa sababu tu waliingizwa na watu wawili tofauti.

Imeandikwa 50, lakini safu ya gredi inasema amefeli

Hili ni la kukadiria, na linaumiza kwa sababu linawapata walio mpakani. Tuseme kufaulu ni 50. Mwanafunzi amepata 11 kati ya 20, 28 kati ya 50, 19 kati ya 30, na 45 kwenye mtihani. Michango yake ni 8.25, 8.4, 6.33 na 27, jumla 49.98. Ukikiagiza kisanduku kionyeshe namba bila desimali, kitaonyesha 50, lakini ndani bado kina 49.98, na fomula ya gredi inayouliza `F4>=50` inasoma kilicho ndani. Karatasi inasema 50 na gredi inasema kafeli.

Kosa la pili linamgusa mwanafunzi huyohuyo. Kama kila mchango ulikadiriwa peke yake kabla ya kujumlishwa, anakuwa na 8 + 8 + 6 + 27, yaani 49. Alama moja imepotea njiani bila yeye kukosea kitu.

Kadiria mara moja tu, mwishoni, na ukadirie kwa `ROUND`, si kwa kubadilisha mwonekano wa kisanduku. Zungushia `ROUND(...,0)` ile `SUMPRODUCT` ya juu, kisha gredi isome jibu hilo. Hakikisha kwanza kwamba kanuni za chuo chako zinaruhusu 49.5 kuwa 50. Kama haziruhusu, onyesha desimali moja na uache ilivyo.

Kwenye fomu ya matokeo yenye safu tatu (tathmini kati ya 40, mtihani kati ya 60, jumla) kuna malalamiko mengine yanayokuja. Aliyepata 23.3 na 26.4 ana 49.7, ambayo ni 50. Fomu ikichapwa bila desimali inaonyesha 23, 26 na 50, na yeyote anayejua kujumlisha ataona 49. Chapa safu mbili za kwanza zikiwa na desimali moja na malalamiko hayo yanakwisha.

Kila kitu ni sahihi, lakini kazi ya kikundi "haionekani"

Wakati mwingine ukaguzi unapita, alama ghafi zinalingana na karatasi, na bado mwalimu anahisi kipengele fulani hakina nguvu. Tazama alama zake zimetawanyika kiasi gani. Kama vikundi vyote vimepata kati ya 25 na 27 kwa 30, michango yao ni kati ya 8.3 na 9. Tofauti ya kikundi bora na cha mwisho haifiki alama moja, ingawa mgao ni 10. Kwenye mtihani, ambako alama zimetoka 30 hadi 80, tofauti ni alama 30 nzima. Nani awe juu ya nani imeamuliwa na mtihani karibu peke yake.

Hapo usiongeze mgao kwenye mstari wa 3 kwa siri. Wanafunzi walitangaziwa 10 mwanzoni mwa muhula. Kilichobana ni usahihishaji wa kazi ya kikundi, na hiyo inarekebishwa muhula ujao, kwenye mwongozo wa kusahihishia, kabla kazi haijagawiwa.